Bima kubwa ya pikipiki: ada, eksesi, na kinachotoka mfukoni baada ya ajali ya kawaida

MwendoPole

Habari zenu, ndugu zangu. Bima ya pikipiki yangu inaisha mwezi ujao, na nimekusanya mapendekezo matatu ya bima kubwa ambayo nashindwa kuyalinganisha kwa haki. Ili kila mmoja aweze kuweka fedha yake mwenyewe, nimeichukulia pikipiki kuwa na thamani ya sehemu 1,000, na kila kiasi nitakachotaja hapa ni sehemu katika hizo 1,000.

Mkataba wa kwanza una ada ya 40 kwa mwaka, na eksesi yake, yaani sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, ni asilimia 10 ya dai, isipungue 75. Mkataba wa pili una ada ya 55, na eksesi yake ni 40 kwa ajali yoyote ile. Mkataba wa tatu una ada ya 32, na eksesi yake ni asilimia 10 ya thamani iliyokatiwa bima. Nikikata bima ya mtu wa tatu peke yake ningelipa 10.

Pikipiki iko katika mwaka wake wa tatu, naitumia kwenda kazini na kurudi, na haibebi abiria wa kulipia wala mizigo ya watu. Wakala ananishauri nichukue mkataba wa tatu kwa sababu ada yake ni ndogo kuliko zote. Rafiki yangu ananishauri nichukue wa kwanza kwa sababu, kwa maneno yake, asilimia 10 ya dai haiwezi kulingana na asilimia 10 ya pikipiki nzima. Swali langu ni moja: nikipata ajali ya kawaida, ile ya kuanguka ubavu bila mtu kuumia sana, kila mkataba utaniachia kiasi gani nilipe mwenyewe?

TairiMbili

Rafiki yako amekushauri vizuri, kaka. Eksesi inayohesabiwa juu ya dai inakwenda na ukubwa wa hasara, kwa hiyo hasara ikiwa ndogo na wewe unabeba kidogo. Matengenezo yakigharimu 120, asilimia 10 yake ni 12, na kampuni inalipa 108. Katika mkataba wa tatu ungebeba hasara yote mpaka ifike 100, hata kama umevunja taa na kioo tu. Kwa maoni yangu hapo hakuna la kujadili, chukua wa kwanza.

Nikuongezee jambo jingine la kupunguza gharama. Ukiandikisha thamani ndogo kuliko ya kweli, kwa mfano 600 badala ya 1,000, ada inashuka, na katika mkataba wa tatu eksesi nayo inashuka kwa sababu inahesabiwa juu ya thamani uliyoandikisha.

MkadiriajiMstaafu

Ndugu MwendoPole, kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukagua vyombo vilivyopata ajali na kukadiria hasara, na pikipiki zilikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Naomba nianze na maneno mawili ambayo TairiMbili ameyapita haraka: "isipungue 75".

Maneno hayo ndiyo yanayoamua mkataba wa kwanza. Asilimia 10 ya dai itafika 75 pale tu dai litakapofika 750, yaani robo tatu ya thamani ya pikipiki. Dai la 120 linatoa 12, lakini 12 ni pungufu ya 75, kwa hiyo unakatwa 75. Dai la 300 linatoa 30, bado unakatwa 75. Na matengenezo yakikaribia robo tatu ya thamani, kampuni nyingi hazitengenezi tena. Zinaihesabu pikipiki kuwa imepotea yote na kulipa thamani yake. Kwa hiyo, kwa kila ajali inayotengenezeka, huo mkataba una eksesi ya 75 isiyobadilika, na ile asilimia 10 iliyoandikwa mbele inaanza kufanya kazi pale tu pikipiki inapoibiwa au kuharibika kabisa.

Kanuni hii inauma zaidi kwenye pikipiki kuliko kwenye gari, na sababu yake iko katika namna pikipiki inavyoharibika. Kuanguka kwa mwendo mdogo, kwenye mchanga au kwenye kona yenye maji, hakuvunji kitu kimoja kikubwa. Kunaharibu vitu vingi vidogo vilivyochomoza upande mmoja: mkono wa klachi au wa breki, kioo cha pembeni, indiketa, kikanyagio cha mguu, ncha ya usukani, na mara nyingi tangi linabonyea pale usukani ulipogeuka na kuligonga. Bei ya kila kimoja ni ndogo, na jumla yake huwa karibu sana na eksesi yenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kulipa bima kubwa kwa miaka, akaanguka mara moja, kisha akapokea kiasi kidogo mno au asipokee chochote, bila kampuni kuvunja kifungu hata kimoja.

Kabla ya kukupigia hesabu naomba usome karatasi zako na unijibu mambo mawili. Je, kuna mkataba unaokata uchakavu kwenye vipuri vipya? Na je, eksesi ya wizi ni sawa na ya ajali?

MamaWawili

Samahani kaka zangu, naomba kuuliza hapa hapa. Kijana wangu alianguka akiwa na bima kubwa, akavunjika mfupa wa bega, na gharama zote za hospitali tulizibeba sisi. Kampuni ilitulipa ya pikipiki tu, tena pungufu. Je, hiyo hospitali ndiyo eksesi mnayoizungumzia?

MkadiriajiMstaafu

Pole sana, mama, na natumaini kijana amepona vizuri. Hapana, hospitali si eksesi. Ule upungufu mlioukuta katika malipo ya pikipiki ndio ulikuwa eksesi, pengine pamoja na uchakavu. Matibabu ya mwendeshaji mwenyewe ni jambo jingine kabisa, kwa sababu bima kubwa kwa kawaida inalinda chombo na inalipa madhara yaliyowapata watu wengine. Mwendeshaji aliyeanguka peke yake si mtu wa tatu katika bima yake mwenyewe. Ili alindwe, lazima kuwe na nyongeza ya ajali binafsi, ambayo inaandikwa kwa ada yake na kikomo chake. Angalieni katika hati ya sasa kama nyongeza hiyo imo, kwa maana wengi hudhani imo kwa sababu tu bima inaitwa kubwa.

MwendoPole

Nimesoma hati zote tatu jana usiku, nikakuta mambo ambayo wakala hakuyataja. Mkataba wa kwanza unakata asilimia 20 ya bei ya kila kipuri kipya kwa pikipiki iliyovuka miaka miwili. Mkataba wa pili na wa tatu haukati uchakavu mpaka pikipiki ifike miaka mitano.

Kwa wizi, mkataba wa kwanza una ile ile asilimia 10 ya dai, wa pili una asilimia 10 ya thamani, na wa tatu una asilimia 20 ya thamani. Yote mitatu inatoa punguzo la asilimia 20 ya ada ya mwaka unaofuata kwa mtu ambaye hajadai.

MkadiriajiMstaafu

Ahsante, sasa tunaweza kuhesabu. Nachukua ajali moja ambayo nimeikagua kwa sura nyingi zinazofanana. Mwendeshaji anaingia kona taratibu, gurudumu la mbele linateleza, pikipiki inalala upande wa kushoto na kuburuzika hatua chache. Mkono wa klachi umevunjika, kioo na indiketa ya mbele zimekwenda, kikanyagio kimepinda, usukani umepinda, kava ya taa ya mbele imepasuka, na shokapu za mbele zimejipindua kidogo katika vishikizo vyake, kiasi kwamba ukiushika usukani sawa gurudumu linaelekea pembeni. Tuseme vipuri ni 90 na kazi ya fundi ni 30, jumla 120.

Mkataba wa kwanza unakata uchakavu kwanza: asilimia 20 ya 90 ni 18, kwa hiyo dai linalokubaliwa ni 102. Kisha inatolewa eksesi ya 75, na kampuni inalipa 27. Wewe unabaki na 93.

Mkataba wa pili unakubali 120, unatoa 40 na kulipa 80. Wewe unabaki na 40.

Mkataba wa tatu unakubali 120, unatoa 100 na kulipa 20. Wewe unabaki na 100.

Angalia jambo moja kwa makini. Tofauti ya eksesi kati ya mkataba wa kwanza na wa tatu, kwenye karatasi, ni 25. Tofauti ya kile kinachotoka mfukoni mwako ni 7 tu, kwa sababu uchakavu umekula 18. Mtu akilinganisha eksesi peke yake bila kuuliza kuhusu uchakavu, atalipa ada ya 40 badala ya 32 akidhani ananunua nafuu ambayo kwa sehemu kubwa haipo.

TairiMbili

Nakubali kuhusu ile 75, mzee, sikuipa uzito unaostahili. Hata hivyo hoja ya msingi inabaki: katika wizi, mkataba wa kwanza unaacha 100 na wa tatu unaacha 200. Pikipiki inainuliwa na watu wawili ikapakiwa garini, na kwa hiyo mimi wizi naupa uzito kuliko kuanguka.

HesabuKwanza

Naomba niongeze kitu ambacho hakijatajwa, nacho ni ada yenyewe. Tukiangalia mwaka mmoja wenye ajali hiyo ya 120, gharama yote ya mwenye pikipiki ni ada pamoja na kilichobaki kwake. Mkataba wa kwanza ni 40 na 93, jumla 133. Wa pili ni 55 na 40, jumla 95. Wa tatu ni 32 na 100, jumla 132. Sasa weka bima ya mtu wa tatu peke yake: ada 10, na matengenezo yote 120 juu yake mwenyewe, jumla 130.

Maana yake ni kwamba, katika mwaka wa kuanguka, mwenye mkataba wa kwanza na mwenye mkataba wa tatu wametumia zaidi kidogo kuliko mtu ambaye hakuwa na bima kubwa kabisa. Mikataba hiyo miwili haikusaidii unapoanguka. Ni bima za wizi na za kuharibika kabisa, na mtu anayezinunua anapaswa kuzinunua akijua hivyo. Ni mkataba wa pili tu unaofanya kazi ambayo MwendoPole ameiulizia.

Lakini nisiharakishe kuusifu. Ukiongeza miaka, picha inageuka. Kwa miaka miwili yenye kuanguka mara moja, mkataba wa pili unagharimu 150 na wa tatu 164. Kwa miaka mitatu yenye kuanguka mara moja, wa pili unagharimu 205 na wa tatu 196. Punguzo la kutodai nimeliweka kando ili hesabu iwe nyepesi; ukiliingiza, tofauti ya miaka mitatu inapungua na inaweza kwisha kabisa. Kwa hiyo, kama huanguki zaidi ya mara moja katika miaka mitatu, ada kubwa ya mkataba wa pili inakuwa malipo ya awali ya matengenezo ambayo ungeweza kuyalipia mwenyewe kwa akiba.

KonaKali

Mimi niliwahi kugongwa kwa nyuma na gari nikiwa nimesimama kwenye taa. Kosa lilikuwa la dereva wa gari na alilikiri mbele ya polisi. Nilipopeleka dai kwenye kampuni yangu walinikata eksesi ile ile, kana kwamba mimi ndiye mwenye kosa. Nililalamika sana na sikusikilizwa. Je, hiyo ni haki?

MkadiriajiMstaafu

Ndugu KonaKali, eksesi haiulizi kosa ni la nani. Ni sehemu ya kwanza ya kila hasara unayoidai katika bima yako mwenyewe, hata kama ulikuwa umesimama. Ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kudai moja kwa moja katika bima ya mtu wa tatu ya yule dereva. Huko hakuna eksesi yako inayohusika, ila unasubiri kampuni ambayo haina mkataba na wewe, na mara nyingi inachelewa. Ya pili ni kudai katika bima yako, ukalipwa mapema, kisha ile eksesi ukaidai kwa dereva au kampuni yake ukiwa na taarifa ya polisi na risiti ya fundi.

Muhimu ni kuiandika eksesi katika barua ya madai mapema. Kampuni yako inapomfuatilia yule dereva, kwa kawaida inadai kurudishiwa kile ilichokulipa. Usichukulie kwamba na yako inafuatiliwa bila wewe kusema. Uliza pia iwapo punguzo lako la kutodai litarudishwa baada ya kampuni kurejeshewa fedha zake, kwa kuwa baadhi hulirudisha na nyingine hazirudishi.

MwendoPole

Ahsanteni sana. Sasa nina swali la wakati wa kudai. Katika mkataba wa tatu ningelipwa 20 kwa ajali ile. Nikidai, ninapoteza punguzo la asilimia 20 la mwaka unaofuata, yaani 6.4. Faida halisi inabaki 13.6, na kwa ajili yake napaswa kupata taarifa ya polisi, makadirio ya mafundi wawili na kusubiri mkaguzi huku pikipiki imelala. Nafikiri nisingedai kabisa, na nisingewaambia kitu.

MkadiriajiMstaafu

Kutodai ni uamuzi wako na katika mfano huo ningeuelewa. Kutotoa taarifa ni jambo tofauti, na hapo nakusihi usifanye hivyo pale ambapo mtu mwingine alihusika kwa namna yoyote. Mikataba huweka muda wa kutoa taarifa ya ajali, dai liwepo au lisiwepo. Fikiria umemgusa mwendesha baiskeli, mkaagana vizuri, na baada ya wiki kadhaa anakuja na karatasi za hospitali. Kampuni ikisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, ina sababu ya kubishana nawe kuhusu dai ambalo linaweza kuzidi thamani ya pikipiki mara nyingi. Toa taarifa kwa maandishi, eleza kwamba kwa sasa hudai matengenezo yako, na uhifadhi nakala.

Kuna sababu ya pili, nayo inaonekana zaidi kwa mkaguzi kuliko kwa mwenye chombo. Watu huanguka mara ya kwanza, wakaacha kutengeneza kwa sababu hasara ni chini ya eksesi, kisha wakaanguka mara ya pili upande mwingine na kuwasilisha vyote pamoja ili jumla iwe kubwa. Mkaguzi hatazami jumla, anatazama chuma. Mkwaruzo mpya kwenye kikanyagio cha aluminiamu unang'aa na kingo zake ni kali ukizipitisha kidole. Wa zamani umefifia na umeshika mafuta na vumbi. Chuma cha kawaida huanza kutu haraka pale rangi ilipotoka. Upande wa kushoto ukiwa na kutu na wa kulia ukiwa unang'aa, hizo ni ajali mbili, na kila ajali ina eksesi yake. Kwa mkataba wa tatu, madai mawili ya 80 kila moja hayalipi kitu, ingawa jumla ni 160. Tena anayewasilisha hivyo akidai ni ajali moja ametoa maelezo ya uongo, na anaweza kupoteza dai lote.

HesabuKwanza

Hoja hiyo ya kila ajali na eksesi yake inabadilisha hesabu yangu pia. Mwenye mkataba wa tatu akianguka mara mbili katika mwaka kwa hasara ya 80 kila mara, anabeba 160 zote. Mwenye mkataba wa pili anabeba 40 mara mbili, yaani 80. Kwa mtu anayejifunza, ambaye kuanguka kwake ni kwingi na ni kudogo, mkataba wa pili uko mbali mbele. Kwa mzoefu si hivyo.

TairiMbili

Mzee, hujanijibu kuhusu kuandikisha thamani ndogo. Kwa mkataba wa tatu, ukiandikisha 600 ada inakuwa 19.2 na eksesi inakuwa 60. Kwa ajali ya 120 utalipwa 60 badala ya 20. Naona ni faida pande zote mbili.

MkadiriajiMstaafu

Hesabu yako ni sahihi ikiwa mkataba hauna kifungu cha uwiano. Ikiwa kimo, kampuni inasema hivi: umekata bima ya 600 kwa kitu cha 1,000, kwa hiyo sehemu sita katika kumi za kila hasara ni zetu na nne ni zako. Dai la 120 linakuwa 72, unatoa eksesi ya 60, unalipwa 12. Ungelipwa 20 kama ungeandikisha thamani kamili. Kwa kuwa umeokoa 12.8 katika ada, bado unaweza kusema hukupata hasara katika ajali ndogo, na hapo sikatai.

Mambo yanakuwa mazito pikipiki inapoharibika kabisa. Unalipwa 600 kutoa 60, yaani 540, na unabeba 460 ya pikipiki yako mwenyewe. Umeuza ulinzi dhidi ya hasara usiyoweza kuibeba ili upate nafuu katika hasara unayoweza kuibeba. Ikiwa pikipiki ilinunuliwa kwa mkopo, deni linaweza kuwa kubwa kuliko hizo 540.

Upande wa pili nao una kasoro yake, na naomba MwendoPole aizingatie. Usiandikishe bei uliyonunulia pikipiki ikiwa mpya. Kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ya hasara, isipokuwa mkataba unataja thamani iliyokubaliwa. Pikipiki yako ikiwa na thamani ya 850 leo nawe umeandikisha 1,000, utalipia ada ya 1,000 na utalipwa kwa msingi wa 850. Zaidi ya hapo, eksesi iliyofungwa kwenye thamani iliyoandikishwa itabaki 100 badala ya 85.

KonaKali

Naomba kuuliza jambo la vijana. Mdogo wangu huichukua pikipiki yangu mwisho wa wiki, na leseni yake haijatimiza mwaka. Kampuni yangu inajua kwamba anaiendesha. Je, eksesi inabaki ile ile?

MwendoPole

Ndugu KonaKali, jambo hilo hilo linanihusu, kwa sababu mimi pia humwazima mdogo wangu. Nimetazama hati zangu sasa hivi. Mkataba wa tatu una eksesi ya nyongeza ya 50 kwa mwendeshaji mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili. Mkataba wa pili una nyongeza ya 30. Wa kwanza hautaji nyongeza, lakini unasema mwendeshaji wa namna hiyo hafunikwi kwa uharibifu wa chombo mpaka jina lake liandikwe kwenye hati.

Kwa hiyo, kama nimeelewa vizuri, mdogo wangu akiangusha pikipiki chini ya mkataba wa tatu, eksesi ni 150 na hasara ni 120. Kampuni hailipi kitu, na mimi nabeba 120 zote. Chini ya mkataba wa pili eksesi ni 70, kampuni inalipa 50, nami nabeba 70.

MkadiriajiMstaafu

Umeelewa sawasawa. Nyongeza hizo hujumlishwa juu ya eksesi ya kawaida, hazichukui nafasi yake. Kuna mikataba yenye nyongeza ya umri na nyongeza ya leseni changa kwa wakati mmoja, na kijana mmoja anaweza kuzibeba zote mbili. Kuhusu mkataba wa kwanza, uandikishe jina lake kabla hajaigusa tena pikipiki, kama ndio utakaouchagua.

HesabuKwanza

Kwa maelezo hayo, msimamo wangu kwa MwendoPole unahama. Kama pikipiki ingeendeshwa na yeye peke yake, ningebaki na mkataba wa tatu na kuweka akiba ile tofauti ya 23 ya ada kila mwaka. Kwa miaka mitatu inakuwa 69, ambayo inafunika tofauti ya 60 kati ya eksesi hizo mbili. Lakini kuna wizi, ambapo tofauti ya eksesi ni 100 na akiba ya miaka mitatu haiifikii, na kuna mdogo wake, ambaye chini ya mkataba wa tatu ni kama hana bima kwa kuanguka kwa kawaida.

TairiMbili

Mimi bado naona ada ya 55 ni nzito kwa pikipiki ya miaka mitatu, hasa kwa kuwa kila mwaka thamani inashuka na ada haishuki kwa kasi hiyo. Anayeegesha pikipiki ndani ya uzio nyumbani na kazini, kisha akaifunga kwa mnyororo, hana sababu ya kulipa kiasi hicho. Ningechukua wa kwanza, nikaliandikisha jina la mdogo wangu, nikakubali ile 75 na uchakavu kwa ajili ya eksesi ndogo ya wizi.

MkadiriajiMstaafu

Ndugu TairiMbili, wizi katika mkataba wa pili nao unaacha 100, sawa na wa kwanza, kwa hiyo kinacholinganishwa ni ada 15 zaidi dhidi ya 53 pungufu katika kila kuanguka kama kule tulikohesabu. Huo ni uamuzi wa mtu na mwendo wake, na sitamlazimisha yeyote.

MwendoPole, kabla ya kutia saini, mwandikie wakala wa mkataba wa pili akujibu kwa maandishi maswali haya mawili: je, ile 40 ni kwa kila ajali pamoja na ile ya pikipiki kuharibika kabisa, na je, uharibifu wa mali ya mtu wa tatu una eksesi yake peke yake? Mikataba yenye eksesi ndogo kwa chombo chako wakati mwingine huweka nyingine upande wa mali ya watu wengine, na hiyo hujitokeza siku umekwaruza mlango wa gari la mtu.

MwendoPole

Nimemwandikia, na swali la kwanza amelijibu: 40 ni kwa kila ajali, pamoja na kuharibika kabisa. La pili amesema atauliza makao makuu. Nimemwomba pia kadirio la ada kwa thamani ya soko ya leo badala ya 1,000, kwa sababu fundi na muuzaji mmoja wa pikipiki zilizotumika wote wameniambia haizidi 850. Akinijibu nitaweka hesabu mpya hapa, na ya mdogo wangu nitaihesabu peke yake.